Goti la kaka, kisigino cha dada: kuutambua mvuto wa kano kwa mtoto anayekua na kuupunguzia mzigo

Katikati ya Machi mama mmoja wa Uru aliniletea watoto wake wawili siku moja. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 13, winga wa timu ya shule, goti la kushoto likimuuma kwa wiki sita. Wa pili ni dada yake wa miaka 10, mkimbiaji, aliyekuwa anatembea kwa ncha za vidole kila akimaliza mazoezi kwa sababu visigino vyote viwili vinamuuma. Mama aliniambia, "Dokta, huyu wamempa dawa ya kuchua, wamemchua mpaka analia. Na huyu wanasema anadeka."

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Moshi, na watoto wa namna hii nawaona kila msimu wa maandalizi ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Nitawafuata hawa wawili hatua kwa hatua, kwa sababu tatizo lao ni moja ingawa limekaa sehemu mbili. Kaka nitamwita Winga.

Kwanza elewa kinachouma

Mahali kano kubwa inapojishikiza kwenye mfupa wa mtoto, pana kipande cha gegedu ambacho bado hakijawa mfupa kamili. Chini ya goti kipo kwenye kile kinundu cha mbele, juu ya muundi, ambapo kano inayotoka kwenye pia ya goti inaishia. Kwenye kisigino kipo nyuma, ambapo kano nene inayotoka kwenye kigimbi inajishikiza. Kano yenyewe ni imara. Sehemu dhaifu ni hapo iliposhikizwa, kama msumari uliopigwa kwenye ukuta wa udongo ambao haujakauka: ukiuvuta mara nyingi, msumari haukatiki, udongo ndio unaolegea. Kila mruko, kila mbio za ghafla na kila shuti ni mvuto mmoja.

Ndiyo maana huwapata watoto walio kwenye kipindi cha kurefuka haraka. Kisigino huanza mapema, mara nyingi kati ya miaka 8 na 13. Goti huja baadaye kidogo, wasichana kabla ya wavulana kwa sababu wanatangulia kurefuka. Kwenye kadi ya kliniki unaweza kukuta tatizo la goti limeandikwa Osgood-Schlatter, majina ya madaktari wawili, mmoja wa Boston na mwingine wa Zurich, walioueleza kila mmoja kivyake mwaka 1903. La kisigino huitwa Sever, kwa jina la daktari aliyeliandika mwaka 1912. Majina hayo yasikutishe. Hayana maana ya ugonjwa wa kurithi wala wa kuambukiza.

Mama yake Winga anaweka alama ya kimo kwenye mlango wa jikoni. Tangu Oktoba mwanawe alikuwa ameongezeka sentimita 4. Alama hizo zilinieleza mengi kuliko picha yoyote ya eksirei.

Hatua ya 1: Tafuta maumivu kwa kidole kimoja

Mwambie mtoto aonyeshe panapouma kwa kidole kimoja, asitumie kiganja. Winga aliweka kidole moja kwa moja juu ya kinundu, na kinundu chenyewe kilikuwa kimevimba kuliko cha mguu wa kulia. Baada ya hapo pitisha kidole gumba chako taratibu kutoka kwenye pia ya goti, ukishuka juu ya kano hadi kwenye kinundu. Maumivu yakae pale mwisho. Kisha mketishe ukingoni mwa meza, miguu ikining'inia, umwambie anyooshe goti huku unamzuia kwa mkono kwenye kifundo. Maumivu yakitokea palepale kwenye kinundu, picha imekamilika. Mapaja yenyewe na kiungo cha goti kwa ndani visiwe na shida: goti likunjike na kunyooka lote, na lisijae maji.

Jambo moja ambalo wazazi wengi hawalitarajii: Winga anapiga mpira kwa mguu wa kulia, lakini goti bovu ni la kushoto. Mguu wa kusimamia ndio unaobeba mwili wote wakati wa shuti na wakati wa kusimama ghafla. Kwa hiyo kumwambia apige kwa mguu mwingine tu hakusaidii kama unavyodhani.

Kwa kisigino, kishike kwa viganja viwili, kimoja kila upande, ukibane kwa pembeni kama mtu anayekamua limau. Dada yake alirusha mguu. Maumivu ya aina hii yapo nyuma na pembeni mwa kisigino. Yakiwa katikati ya unyayo chini, au juu zaidi kwenye kano yenyewe, fikiria kitu kingine. Angalia pia ngozi yote ya kisigino kwenye mwanga, kwa sababu huku kwetu mwiba au jeraha dogo la kutembea peku hujificha hapo.

Hatua ya 2: Ondoa yale ya hatari kabla ya kutuliza mtu

Hapa naomba usiharakishe. Karibu kila mtoto ninayemwona ana tatizo hili la kawaida, lakini wachache wana jambo lingine linaloonekana kama hili.

Maumivu ya mvuto wa kano huja na mazoezi na hupungua kwa kupumzika. Mtoto anayeamka usiku kwa maumivu, mwenye homa, anayepungua uzito, au mwenye uvimbe unaoendelea kukua juu au chini ya goti hata kama hachezi, aende hospitali apigwe picha, na asisubiri wiki mbili za "tuone kwanza." Uvimbe wa saratani ya mfupa kwa vijana hupenda kukaa karibu na goti. Kisigino chekundu chenye joto na mtoto mwenye homa ni mfupa ulioingiwa na vijidudu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtoto mwenye selimundu achukuliwe kwa uzito zaidi, kwa kuwa mifupa yake hushambuliwa kirahisi.

Akiruka na kusikia "pa!" kisha asiweze kuinua mguu ulionyooka kutoka kitandani, hapo kinundu kinaweza kuwa kimebanduka. Asikanyage, apelekwe siku hiyohiyo.

Na goti linalouma bila kidole kupata mahali, pima nyonga. Mlaze chali, kunja nyonga na goti kuwa pembe mraba, kisha uzungushe unyayo kwenda nje. Ikiwa nyonga haizunguki kama ya upande wa pili, au inauma, huenda kichwa cha mfupa wa paja kinateleza kutoka mahali pake. Maumivu ya nyonga hiyo husikika gotini. Mwanzoni mwa kazi yangu nilimfanyia kijana mmoja mazoezi ya goti kwa siku kumi kabla ya kuzungusha nyonga yake. Ilikuwa nyonga, na alihitaji upasuaji. Tangu hapo hakuna goti la mtoto linalopita mikononi mwangu bila nyonga kupimwa.

Winga na dada yake walipita vipimo hivi vyote. Sikuwaandikia eksirei. Kwenye kisigino hasa, picha inaweza kupotosha: kipande kile cha ukuaji huonekana cheupe na kilichogawanyika hata kwa watoto wasio na maumivu yoyote, na mzazi huambiwa mfupa umevunjika.

Hatua ya 3: Andika wiki nzima kwenye daftari

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayotibu. Nilimuuliza Winga anacheza kiasi gani. Akasema, "Mazoezi mara nne tu." Tukachukua daftari na kalamu, tukaanza Jumatatu asubuhi.

Mchakamchaka shuleni, dakika 15 kila siku kwa siku tano: 75. Mazoezi ya shule saa kumi jioni, Jumatatu hadi Alhamisi, dakika 90 kila moja: 360. Jumamosi timu ya mtaa, dakika 120. Jumapili mchana chandimu na wenzake, si chini ya dakika 120. Jumla dakika 675, yaani zaidi ya saa 11. Hicho ndicho alichokiita mara nne tu.

Kisha nikauliza mambo ambayo hayaitwi michezo. Mwisho wa kila mazoezi kocha aliwarusha kichurachura, na tulipohesabu ilikuwa kama miruko 40 kwa siku, 160 kwa wiki. Kwa goti hili sijui zoezi baya kuliko hilo: goti limekunjwa kabisa na kano inavuta kwa nguvu zote. Asubuhi anateremka mlima kutoka Uru kwenda shuleni kwa dakika 40, na kuteremka ndiko kunakotumia misuli ya mbele ya paja kama breki. Jumamosi anapiga deki akiwa amepiga magoti. Jumapili anapiga magoti kanisani juu ya ubao mtupu.

Kwa dada yake hesabu ilikuwa ndogo lakini kali: mchakamchaka akiwa na viatu vyeusi vya shule visivyo na kisigino, mbio za mazoezi jioni, na kupanda mlima kurudi nyumbani, ambako kigimbi huvuta kisigino kila hatua.

Hatua ya 4: Tumia namba ya maumivu na kipimo cha asubuhi

Mfundishe mtoto kutoa namba kutoka 0, hakuna maumivu, hadi 10, maumivu makali kuliko yote aliyowahi kuyapata. Wakati wa mazoezi, 0 hadi 2 aendelee. Ikifika 3 apunguze kasi au abadili zoezi. Ikizidi hapo aache kwa siku hiyo.

Namba ya uwanjani peke yake haitoshi, kwa sababu mtoto mwenye mpira mguuni husema uongo bila kujua. Kipimo cha kweli ni kesho yake. Winga alichuchumaa mara moja kila asubuhi kabla ya kunywa chai, na mama akaandika namba. Dada yake alisimama kwa ncha za vidole mara tano. Ikiwa namba ya leo ni kubwa kuliko ya jana asubuhi, mzigo wa jana ulizidi, hata kama jana hakulalamika. Ikiwa ni ileile au ndogo, mzigo ulikuwa sawa.

Hatua ya 5: Punguza, usizime

Niliwahi kuwapa watoto mapumziko kamili ya wiki sita. Walirudi bila maumivu, wakaingia mazoezi kamili, na baada ya siku chache walikuwa kwangu tena, misuli ya paja imelegea kuliko mwanzo. Kumwacha acheze tu "atazoea" nako huurefusha msimu mzima wa kuchechemea. Kazi ni kutafuta kiasi kati ya hivyo viwili.

Kwa Winga, wiki ya kwanza na ya pili tuliondoa kichurachura, mchakamchaka, chandimu, mashuti na mbio. Alienda mazoezini Jumanne na Alhamisi, akapiga pasi fupi akiwa amesimama, dakika 20. Deki ilihamia kwa kaka mkubwa. Kanisani alipewa khanga iliyokunjwa mara nne ya kuweka chini ya goti, au akae. Nauli ya daladala ya mara moja kwa siku tuliigawa kwa akili: Winga alipanda gari asubuhi wakati wa kuteremka, dada yake alipanda jioni wakati wa kupanda mlima.

Tulimwandikia kocha karatasi yenye mistari mitatu: anachoweza, asichoweza, na tarehe ya kuangaliwa tena. Kocha asipopewa karatasi, mtoto huonekana mvivu.

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 baada ya mazoezi hutuliza, na paracetamoli inaruhusiwa kwa siku mbaya, lakini usimpe kabla ya kucheza ili avumilie. Kuchua juu ya kinundu acheni kabisa. Sindano ya stiroidi pale kwenye kano msikubali, inadhoofisha kano na ngozi. Kuvuta misuli ya paja kwa nguvu, kisigino kikigusa makalio, nako huvuta kinundu kilekile, kwa hiyo mwanzoni tuliliacha.

Hatua ya 6: Jenga misuli bila kuvuta sana

Kuanzia siku ya kwanza Winga alikaa sakafuni mguu umenyooka, khanga iliyoviringishwa chini ya goti, akaikandamiza kwa kukaza paja, akashikilia kwa sekunde 10, mara 10, kila siku. Akaongeza kulala chali na kuinua makalio, mara 10.

Wiki ya tano alianza kuegemea ukuta na kushuka kidogo kama anayekaa kwenye kiti kirefu, seti 3 za mara 10, siku moja ndiyo na moja hapana. Kina cha kushuka kiliamuliwa na maumivu: akifika 3, anapanda juu kidogo. Wiki ya nane akapiga hatua ndefu mbele na kushuka. Sikuwahi kumwongezea kina na idadi katika wiki moja.

Hatua ya 7: Panda ngazi moja baada ya nyingine

Ngazi za Winga zilikuwa hizi kwa mpangilio: kukimbia polepole mbele tu kwenye nyasi tambarare dakika 10, dakika 20, mbio zenye kugeuka, mashuti, mbio za kasi na kusimama, miruko, nusu ya mechi, mechi nzima. Kila ngazi aifanye mara mbili, siku zisizofuatana, na kipimo cha asubuhi kisipande, ndipo asogee. Kikipanda, arudi ngazi moja kwa wiki moja.

Alianza kukimbia wiki ya tatu. Wiki ya sita, akiwa kwenye kugeuka, kipimo cha asubuhi ya Jumatatu kiliruka kutoka 1 hadi 5. Daftari lilisema Jumapili hakuna kitu. Mama alipomwangalia tu, akasema, "Shikamoo dokta, nilicheza chandimu kidogo." Tulirudi ngazi moja, hatukumgombeza sana, na baada ya siku nane alikuwa tena kwenye 1.

Mchujo wa UMITASHUMTA ulimkuta kwenye wiki ya tisa, kwenye mashuti. Hakwenda. Alilia, na mimi iliniuma, lakini hatukuwa na njia ya kuziruka ngazi nne. Ni vizuri mzazi na mwalimu wajue muda huu mapema. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuata watoto 51 wenye goti hili kwa mpango unaofanana na huu. Baada ya wiki 12, wanane katika kila kumi walisema wako vizuri zaidi, lakini waliokuwa wamerudi kwenye michezo yao walikuwa asilimia 16 tu. Baada ya mwaka walikuwa asilimia 69. Kupona maumivu na kurudi uwanjani ni mambo mawili, kila moja na muda wake. Winga alicheza nusu mechi yake ya kwanza mwezi Julai.

Kisigino kina njia fupi zaidi

Dada yake alihitaji mambo machache. Tulimwomba fundi viatu akate vipande viwili kutoka kwenye soli ngumu ya ndala ya zamani, unene wa sentimita 1, akavichonga vikae ndani ya kiatu chini ya kisigino. Viwekwe viatu vyote viwili hata kama unauma mmoja, ili miguu isipishane urefu. Kisigino kikiinuka, kano hulegea. Jioni alikimbia kwa raba zenye soli nene ambazo mama alizipata soko la Memorial kwenye mitumba, na hata nyumbani sakafuni hakutembea peku kwa mwezi mmoja. Mtoto anayecheza mpira aachane na njumu kwenye ardhi ngumu, kwa kuwa kisigino chake hukaa chini na meno yanapigilia.

Mchakamchaka alisamehewa kwa wiki tatu, akarudi kwa dakika 5, kisha 10. Kigimbi alikijenga kwa kuinuka kwa ncha za vidole akiwa sakafuni, si ukingoni mwa ngazi, kwa sababu kisigino kikishuka chini ya ukingo kano huvutwa mno. Kufikia wiki ya saba nilibana visigino vyake na hakurusha mguu. Anaweza kuumwa tena akirefuka tena. Vile vipande vya soli mama hakuvitupa.

Kinachobaki

Maumivu ya kisigino huisha kabisa kipande kile kinapoungana na mfupa, kwa kawaida karibu na miaka 14 hadi 16. Goti nalo hutulia ukuaji unapokwisha, lakini kinundu kikubwa cha Winga hakitapotea. Kitakuwa mfupa mgumu usio na madhara, ingawa kupiga magoti juu ya sakafu ngumu kunaweza kuendelea kumsumbua. Wachache hubaki na kipande kidogo cha mfupa ndani ya kano ambacho huuma hata baada ya kuacha kurefuka. Ikiwa Winga atafika miaka 18 na bado hawezi kupiga goti kwa sababu ya maumivu hayo, hapo ndipo eksirei itakuwa na kazi, na daktari wa upasuaji wa mifupa anaweza kukitoa.